Fidla ya Mwalimu na karatasi ya 1721

Mwalimu mmoja mstaafu, jirani yangu, alirithi fidla ya marehemu babu yake aliyekuwa akipiga taarab enzi za ujana wake. Ilikaa juu ya kabati miaka mingi bila nyuzi. Siku moja akaimulika kwa tochi ya simu kupitia lile tundu la upande wa kushoto, akaona karatasi, akapiga picha, akanitumia saa tano usiku. Kwenye karatasi palisomeka hivi:

*Antonius Stradivarius Cremonenfis Faciebat Anno 1721*

Chini ya picha akaandika: "Mwanangu, usimwambie mtu." Alikuwa ameshatafuta mtandaoni akakuta kwamba fidla iitwayo Lady Blunt, ya mwaka huohuo wa 1721, iliuzwa kwa mnada mwaka 2011 kwa dola milioni 15.9. Nilielewa kwa nini hakulala.

Nilimjibu kwamba picha ni nzuri, ila imepigwa mahali pasipojibu swali lake. Hakufurahi. Basi nieleze hapa kwa nafasi yale niliyoshindwa kuyaeleza usiku ule.

Tuanze na maneno yenyewe. Ni Kilatini, na maana yake ni kwamba Antonio Stradivari wa Cremona alikuwa akiitengeneza mwaka fulani. Stradivari alikuwa fundi wa mji wa Cremona, kaskazini mwa Italia, aliyefariki mwaka 1737. Inakadiriwa kwamba alitengeneza vyombo zaidi ya elfu moja, na vilivyobaki leo ni kama 650, vingi vikiwa fidla. Karibu vyote vinajulikana kimoja kimoja: viliko, aliyevimiliki kabla, na hata makovu ya mbao zake. Lakini fidla zenye karatasi kama ya Mwalimu zimetengenezwa kwa maelfu kwa maelfu. Kwa hiyo kabla hata ya kuitazama fidla, hesabu peke yake inamkataa.

Wengi wakisikia hivi husema, "Kumbe ni feki." Hapo ndipo mambo yanapochanganyikana, kwa sababu nyingi kati ya karatasi hizo hazikubandikwa ili kumdanganya mtu.

Katika karne ya 19 utengenezaji wa fidla za bei nafuu ulikuwa umejikusanya katika miji michache ya Ulaya. Ufaransa kulikuwa na Mirecourt. Ujerumani kulikuwa na Mittenwald kule kusini, na Markneukirchen katika jimbo la Saksoni. Ng'ambo ya mpaka kutoka Markneukirchen, upande wa Bohemia, kulikuwa na mji wa Schönbach, ambao leo uko Jamhuri ya Cheki na unaitwa Luby. Katika bonde hilo fidla haikuwa kazi ya fundi mmoja. Familia moja ilichonga shingo na vichwa tu, nyingine ilichonga vifua, yaani mbao za mbele, nyingine iliunganisha, nyingine ikapaka vanishi, na yote yakifanyika nyumbani. Mfanyabiashara alikusanya vipande, akauza fidla kwa dazeni kama vikombe. Biashara ilikuwa kubwa kiasi kwamba Marekani ilifungua ofisi ya konseli katika mji huo mdogo wa Markneukirchen mwaka 1893.

Fidla za dazeni zilihitaji namna ya kutofautishwa kwenye katalogi. Njia rahisi ilikuwa kuzitaja kwa umbo la fundi mashuhuri lililoigwa: hii ni ya umbo la Stradivari, hii la Guarneri, hii la Amati, hii la Stainer wa Tirol. Karatasi ya ndani ilifuata umbo. Mkulima wa Marekani aliyeagiza kwa posta fidla ya "Stradivarius" kwa chini ya dola 10 alijua vizuri kwamba hanunui kazi ya mikono ya marehemu wa Cremona. Ni kama fundi cherehani anapokuambia amekushonea suti ya Kaunda. Hujidanganyi kwamba Kaunda aliivaa. Tatizo ni kwamba muuzaji na mnunuzi waliokuwa na makubaliano hayo wote wamekufa. Karatasi imebaki, na mjukuu anaisoma kama cheti.

Katika usomaji huo kuna mtego wa jina la nchi. Kuanzia mwaka 1891 sheria ya forodha ya Marekani ilitaka bidhaa za kutoka nje zionyeshe nchi zilikotoka. Ndiyo maana karatasi nyingi zina mstari mdogo chini unaosema *Germany*, au *Made in Czechoslovakia*, nchi ambayo haikuwepo kabla ya 1918. Ukiuona mstari huo, kazi imekwisha, kwani Stradivari hakuwahi kusikia majina hayo. Usipouona, hujapata kitu. Fidla huenda ilitengenezwa kabla ya sheria, au ilipelekwa soko jingine, au kuna mtu aliyepitisha wembe chini ya karatasi. Karatasi ya Mwalimu ilikuwa na pambizo pana juu na kushoto, lakini chini ilikatika ghafla mara baada ya maneno. Hilo ndilo jambo pekee katika picha nzima lililonishtua.

Herufi nazo watu huzishikilia sana. Tazama neno *Cremonenfis*. Inapaswa kuwa "s," lakini zamani wachapaji wa Ulaya walikuwa na "s" ndefu inayofanana na "f," na wachapaji wa karatasi za biashara wakaiga umbo bila kujua herufi. Ukiona "f" kamili yenye kijiti katikati, una dalili ya mwigaji. Ila ukiona "s" sahihi usishangilie. Mwigaji aliyesoma vitabu anaandika vizuri kuliko mwenyewe. Kosa linaweza kukutoa kwenye orodha, usahihi haukuingizi.

Halafu karatasi ni karatasi. Imegandishwa kwa gundi ya ngozi, gundi inayoyeyuka kwa maji ya uvuguvugu, kwa hiyo inatoka na kuingia. Kwa miaka mia mbili wafanyabiashara wa fidla walitoa karatasi halisi kutoka chombo kilichoharibika na kuiweka kwenye chombo kizuri cha fundi asiyejulikana. Walikwangua tarakimu mbili za mwisho za mwaka, ambazo Stradivari aliziandika kwa mkono, wakasogeza fidla kwenye miaka inayopendwa zaidi na wanunuzi, yaani ile ya baada ya 1700. Zipo fidla halisi za Stradivari ambazo karatasi zake si za kwao, au zina mwaka uliorekebishwa. Wataalamu hawazikatai kwa sababu hiyo, kama ambavyo hawaikubali fidla ya Mwalimu kwa sababu ya karatasi yake. Katika uamuzi wao karatasi huja mwisho.

Picha nayo inaongeza upofu wake. Tundu la fidla ni jembamba, kwa hiyo kamera inaona karatasi na vidole vitatu vya mbao kuizunguka, basi. Rangi ya kahawia unayoiona inaweza kuwa ya umri, ya chai, au ya taa ya simu. Kama maandishi yamechapwa kwa herufi za risasi zilizobonyea kwenye karatasi, au kwa mashine ya ofisini juzi, picha ya pembeni haionyeshi. Na hata ingeonyesha yote hayo, ingekuwa imeithibitisha karatasi tu, wakati swali ni la mbao.

Ndiyo maana asubuhi yake nilimwomba Mwalimu aniruhusu kuja na kamera ndogo ya waya, ile ambayo mafundi magari wanachungulilia silinda. Chini ya fidla kuna kitufe kinachoshikilia kamba ya kishikio cha nyuzi. Fidla isipokuwa na nyuzi, kitufe kinachomoka kwa mkono, na tundu lake linakufungulia nyumba nzima.

Cha kwanza nilichotafuta ni pembe. Fidla ina pembe nne zilizochongoka, mbili juu ya kiuno na mbili chini. Mafundi wa Cremona walijenga kwa kuzungusha mbavu, zile mbao nyembamba za ubavuni, kwenye kiolezo cha mbao kilichokuwa ndani, na ili mbavu zishike, kila pembe ilipewa kipande kamili cha mti, mara nyingi mwerebi wa Ulaya, laini na mwepesi. Vijiti vyembamba vinavyofuata ukingo wa mbavu kiunoni vilitobolewa nafasi ndani ya vipande hivyo, vikaingia kama ulimi. Kule Saksoni walijenga bila kiolezo, mbavu zikisimamishwa moja kwa moja juu ya mgongo, kwa hiyo vipande vya pembe havikuwa vya lazima. Katika fidla za bei ya chini havikuwekwa kabisa, au kiliwekwa kipande cha bapa mbele ya pembe tupu ili mchunguliaji aridhike. Katika fidla ya Mwalimu, pembe za juu zilikuwa tupu. Mbavu mbili zilikutana, zikagundishwa, mwisho wa habari.

Cha pili ni upau wa besi. Chini ya kifua, upande wa nyuzi nene, kuna upau mrefu unaobeba mtetemo. Fundi wa kawaida anauchonga peke yake kisha anaugundisha, na ukiumulika utaona mstari wa gundi na nyuzi za mbao zinazotofautiana kidogo. Kwenye fidla za dazeni kulikuwa na njia ya mkato: unapochimba kifua, unaacha tuta bila kulichimba, na tuta hilo ndilo upau. Tuta la fidla hii lilionekana wazi. Nyuzi za mbao zilipita kutoka kifuani hadi kwenye upau bila kukatika.

Kilichomuuma zaidi Mwalimu kilikuwa jambo dogo. Mbao chini ya yale matundu mawili zilikuwa zimelainishwa vizuri, na ukisogeza kamera pembeni tu, mahali ambapo jicho la mnunuzi lisingefika, palikuwa na mashimo ya patasi kama shamba lililolimwa juzi. Aliyeichonga alijua hasa nani atachungulia na kupitia wapi.

Nje nako kulikuwa na ushahidi. Fidla ya kazi nzuri ina mstari wa vipande vitatu vya mbao nyembamba uliotumbukizwa kwenye mfereji kuzunguka ukingo, nao husaidia kuzuia ufa usiendelee. Huu ulikuwa wa wino. Shingoni, karibu na kisanduku cha vigingi, palikuwa na mstari kama wa kiungo. Fidla halisi za zamani karibu zote zina kiungo hicho, kwa sababu katika karne ya 19 shingo zao fupi ziliondolewa na kichwa cha asili kikaungwa kwenye shingo mpya iliyo ndefu zaidi. Waigaji walilijua hilo, wakawa wanachora mstari wa kiungo kwenye mti mmoja usiokatwa. Ukiangalia nyuzi za mbao pande mbili za mstari na ukakuta zinaendelea, ujue umeona mchoro.

Hapo mtu atauliza: basi si tupige picha za mbao badala ya karatasi? Zinasaidia, tena sana, hasa katika kukataa. Ila kuna kisa kinachonifanya niwe mwangalifu hata na hizo, nacho kinahusu fidla mashuhuri kuliko zote.

Katika jumba la makumbusho la Ashmolean mjini Oxford kuna fidla iitwayo Masihi. Karatasi yake inasema 1716. Imebaki kama mpya, haina mikwaruzo ya mpigaji, na hilo ndilo lililozua maneno. Katikati ya karne ya 19 ilimilikiwa na Jean-Baptiste Vuillaume wa Paris, mzaliwa wa Mirecourt, mfanyabiashara na fundi aliyeweza kuiga Stradivari kuliko mtu yeyote wa wakati wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mtaalamu wa Marekani, Stewart Pollens, alitilia shaka, akapeleka picha za kifua chake kwa msomaji wa pete za miti wa Hamburg.

Kifua cha fidla huchongwa kwa sprusi, ndugu wa misonobari kama ile ya Sao Hill, uliokulia kwenye baridi ya milima ya Alpi. Kila mwaka mti unaongeza pete moja, pana mwaka wa neema na nyembamba mwaka wa shida. Mfuatano wa pana na nyembamba ukiulinganisha na miti mingine ya milima hiyo ambayo miaka yake inajulikana, unapata mwaka wa pete ya mwisho iliyobaki kwenye ubao. Usomaji wa kwanza wa Masihi, uliotoka kwenye picha, ulitoa pete ya 1738. Stradivari alikufa 1737. Unaweza kuwaza kelele zilizofuata.

Kisha wengine wakaenda na kuisoma fidla yenyewe. John Topham na Derek McCormick walipata pete ya mwisho kuwa ya 1682. Timu ya Wamarekani ikiongozwa na Henri Grissino-Mayer ikapata 1687. Tofauti ya miaka mitano kati yao haibadilishi kitu, zote mbili zinakaa vizuri na 1716 ukikumbuka kwamba fundi huondoa pete za nje na kuukausha mti miaka kadhaa. Usomaji wa 1738 ulikosa nguvu.

Angalia hata hivyo pete zilichosema na zisichosema. Zilisema mti huo ungeweza kutumiwa na Stradivari. Hazikusema kwamba yeye ndiye aliyeuchonga, maana ubao wa zamani unaweza kununuliwa na mtu wa baadaye. Pete zina uwezo wa kukataa kwa uhakika, ila kukubali kunategemea macho ya watu walioshika mamia ya fidla halisi: mkato wa matundu, mzunguko wa kichwa, mwendo wa kisu pembeni. Kwa hiyo nyumba za mnada zinachagua maneno kama wanasheria. Zikiandika fidla ni "ya" fulani, zinasimama nyuma ya jina hilo. Zikiandika "inahusishwa na," zinarudi hatua moja nyuma. Zikiandika "ina lebo ya," zimekuambia kuna karatasi ndani, na hazijasema zaidi ya hapo. Muuzaji wa mtandaoni anayekuonyesha picha ya karatasi amefikia daraja hilo la mwisho, hata kama kichwa cha tangazo lake kimejaa alama za mshangao.

Wapiga matarumbeta wasidhani wamepona kwa kuwa vyombo vyao havina karatasi. Jina lililochongwa kwenye shaba linaonekana gumu zaidi, lakini lina historia ileile. Viwanda vya Graslitz, leo Kraslice, si mbali na bonde lilelile la fidla, vilitengeneza vyombo vya shaba na kuchonga juu yake jina la duka lililoagiza, popote lilipokuwa. Jina kwenye mdomo mpana wa tarumbeta, pale sauti inapotokea, linaweza kuwa la muuzaji ambaye hakuwahi kushika nyundo.

Na kuna mchezo wa majina unaonichekesha kila mara: tarumbeta zinazosakwa sana duniani zimeandikwa *Stradivarius*, na ni halisi. Vincent Bach, mzaliwa wa Baden karibu na Vienna aliyehamia Marekani, alilichagua jina hilo kwa tarumbeta zake, akizifyatua kwanza New York, kisha Mount Vernon kuanzia 1953. Mwaka 1961 aliuza kampuni kwa Selmer, na kazi ikahamia Elkhart, Indiana. Zile za Mount Vernon zina bei yake. Namba ya chombo imegongwa kwenye kasha la vali ya pili, ilhali jina la mji liko kwenye mdomo, na hivyo ni vipande viwili vilivyoungwa kwa lehemu. Fundi anaweza kuyeyusha lehemu, akautoa mdomo wa Mount Vernon kwenye tarumbeta iliyopondeka, akauweka kwenye mwili wa miaka ya 1980. Picha ya mdomo ni ya kweli, picha ya namba ni ya kweli, tarumbeta ni chotara. Omba picha ya viungo, uone kama lehemu ni safi na vanishi imeungua, kisha uilinganishe namba na mji. Na vali zilizochakaa hazionekani kwenye picha yoyote. Ukiishika, livute bomba dogo la vali ya pili bila kubonyeza vali: likitoka na mlio wa kizibo, vali hiyo bado inabana hewa, likitoka kimya, imelegea.

Nirudi kwa Mwalimu. Makadirio yangu ni Saksoni au Schönbach, mwanzoni mwa karne ya 20, fidla ya dazeni isiyo na ufa. Akaniuliza kama aibandue ile karatasi, maana sasa inamtia aibu. Nikamwomba aiache, na ukingo wake uliokatwa uachwe vilevile, ili fundi atakayeifungua baadaye aone kwamba kuna mtu aliyepita na wembe. Tulipachika nyuzi mpya Alhamisi ile. Kigingi cha uzi wa tatu kinateleza, nimekipaka chaki.